Wingi wa Wachache

Asubuhi ile Bi Salka alimfokea mwanawe mbele za watu, tena alimfokea vibaya. Wahenga wamesema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Bi Salka hakuwa mtu wa kumchelea mwana. Lakini kuna kumkanya mtoto na kuna kumvua nguo hadharani, na siku hiyo alivuka mpaka.

Alikuwa mwalimu wa nahau kule jangwani, upande wa machweo wa Sahara, ambako watu huhama na mahema yao na shule zao huhama nao. Baba yake, marehemu Yahdhi, alifundisha chini ya hema lilelile jeusi la manyoya, na alipokufa watu walidhani wanafunzi watatawanyika. Wapi! Walibaki, ndevu zao na mbao zao za kuandikia, wakamsikiliza binti. Wengine walikuwa wakubwa kuliko yeye, lakini ukifika mlango wa irabu hakuna aliyethubutu kumwita "dada." Walimwita Mwalimu, wakatulia.

Mwanawe mmoja tu, Limam, ndiye aliyekuwa hatulii. Kijana wa miaka kumi na minane, mrefu, mcheshi, anayewajua ngamia kwa nyayo zao na kuwaigiza wazee wa kambi mpaka wenyewe wakacheka. Baba yake alikufa Limam akiwa bado ananyonya. Moyo alikuwa nao, nahau hakuwa nayo. Ilimpita kama maji juu ya mwamba.

"Sema: vijana watatu," Bi Salka alimwambia asubuhi hiyo.

"Thalathatu fityan."

Wenzake wakainamia mbao zao kuficha meno.

"Rudia."

"Thalathatu fityan, mama. Mwalimu. Si ndiyo?"

"Si ndiyo! Mara ngapi tumesema hapa? Kijana mmoja ni fata. Neno hili limejaliwa, lina wingi wa aina mbili. Wakiwa wachache, kuanzia watatu hadi kumi, ni fitya. Wakizidi hapo ni fityan, hata wakijaa dunia nzima. Sasa niambie, hesabu ya tatu mpaka kumi hufuatwa na wingi upi?"

"Wa wachache."

"Basi kwa nini watatu wako unawapa jina la umati?"

Limam akakuna sikio. "Mama, vijana ni vijana. Watu wanahesabiwa kwenye bakuli. Bakuli likikosa maziwa, ujue walikuwa wengi."

Hapo watu waliangua kicheko, na kicheko ndicho kilichomchoma Bi Salka. Alikuwa amelala vibaya, na usiku kucha alikuwa amemfikiria baba yake, namna alivyojisifu kwamba katika ukoo wao hata mbuzi hawakosei irabu. Akanyanyuka, akamnyang'anya mwanawe ubao.

"Toka. Mjukuu wa Yahdhi, halafu ulimi kama wa mchuuzi! Toka, na usirudi hemani kwangu mpaka uijue hii kanuni."

Kicheko kikakatika. Limam alimtazama mama yake kidogo, akazungusha kilemba chake, akachukua fimbo. Ngamia jike wawili walikuwa wamepotea tangu jana yake, akasema atakwenda kuwatafuta. Yarba na Bulah, wanafunzi wenzake, wakamfuata, nusu kwa kumhurumia na nusu kwa kukimbia somo. Bi Salka aliwaona wakishuka nyuma ya mchanga. Alitaka kumwita amwambie achukue maji zaidi, lakini kiburi kikamziba mdomo.

Kabla ya adhuhuri mbingu ya mashariki ilibadilika rangi. Kwanza ilikuwa njano, kisha ikawa nyekundu kama udongo wa chungu, na ukuta mzima wa vumbi ukaja ukitembea juu ya ardhi bila sauti. Ng'ombe waliacha kutafuna. Wanafunzi walikimbilia vibanda vyao vya nyasi kuvishikilia visiruke, na upepo ulipofika, mchana uligeuka giza jekundu ambalo ndani yake mtu hauoni mkono wake mwenyewe.

Chini ya hema kubwa walibaki wawili, Bi Salka na Khattri. Huyu Khattri alikuwa mwalimu msaidizi, mtu wa mjini, mwenye sauti kubwa na tumbo la kuitosha sauti hiyo. Alijua mengi, na alijua kwamba anajua.

"Watapotea wale," Bi Salka alisema. "Lahaula, mwanangu hana maji ya kutosha."

"Usiwe na hofu, Bi Salka. Nipishe."

Khattri akachukua ngoma, akasimama mlangoni, akaipiga. Kisha akavuta pumzi akaita kwa Kiarabu fasaha, kama ilivyo desturi ya kambi ile wakati wa vumbi, maana sauti iliyonyooshwa kwa irabu zake zote husafiri mbali kuliko maneno ya kila siku.

"Ya fityan! Njooni! Ya fityan, njooni kwenye hema!"

Aliita hivyo mara nyingi, na upepo ukaibeba sauti. Bi Salka alimshika mkono.

"Umewaita nani wewe?"

"Vijana wetu."

"Vijana wangapi?"

"Ala! Si watatu? Limam, Yarba na Bulah."

"Mbona umeita umati?"

Khattri akamgeukia, mchanga umemjaa nyusi. "Bi Salka, watoto wa watu wanakufa huko nje, na wewe unanipimia wingi? Kwani hujui kwamba mwito ni mwito? Hata Waarabu wenyewe huutumia huu mahali pa ule."

"Pale neno linapokuwa na wingi mmoja tu! Mwanamume ana rijal basi, watatu ni rijal na elfu ni rijal, hana pengine pa kwenda. Fata ana aina zote mbili. Umeliacha dogo linalowatosha, ukafungua kubwa."

"Nimefungua nini?"

Bi Salka alimkumbuka baba yake. Marehemu Yahdhi kila siku aliwakalisha wanafunzi wake mbele, na nyuma yao aliacha nafasi ya mchanga mtupu, kubwa, hakuna aliyeruhusiwa kuketi. Mtoto akiuliza, husema kwamba hata wale wa patupu wana haki ya kusoma. Hakuwaita majini, hilo jina hakulipenda. Alisema ni watu wa maneno, wanakuja kama walivyoitwa, si pungufu na si zaidi, na kwamba wanaweza kudanganya katika kila kitu isipokuwa nahau. "Akikosea irabu moja huungua ulimi," alimwambia bintiye. Bi Salka alikua, akasoma, akalifikiria jambo hilo kuwa mzaha wa wazee. Siku hiyo, katika giza lile la mchana, halikuwa na dalili ya mzaha hata kidogo.

"Assalamu alaikum," sauti ikasema mlangoni.

"Waalaikum salaam!" Bi Salka alisema, moyo ukimruka kwa furaha. "Ingieni, ingieni wanangu!"

Wakaingia. Vilemba vimezungushwa hadi machoni, kama afanyavyo kila mtu katika vumbi, na nguo zao zote zilikuwa na rangi ile nyekundu. Kwa mwanga hafifu wa makaa aliona mmoja akiinama mlangoni, na wa pili, na wa tatu. Akahesabu kwa kidole, watatu. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Alilitwaa bakuli la maziwa yaliyochanganywa na maji na sukari, akampa wa kwanza, na bakuli likaanza kuzunguka kutoka mkono hadi mkono.

Likarudi tupu. Vizuri, wana kiu. Akalijaza tena kutoka kwenye kiriba, likaenda, safari hiyo likachelewa. Lilirudi tupu. Akalijaza tena. Likachelewa zaidi, akisikia midomo ikinywa upande wa kulia, kisha nyuma, kisha mbali upande ambao hema lilikuwa limekwisha zamani. Kiriba kizima kikaisha.

"Songeni kidogo, jamani," Khattri alisema. Halafu sauti yake ikarudi imekuwa ndogo. "Bi Salka. Nimebanwa kwenye nguzo."

"Na nani?"

"Sijui. Ni mabega."

Bi Salka akahesabu tena. Mmoja, wawili, watatu. Kila akihesabu ni watatu, na kila akimaliza palikuwa na mtu pembeni ya wa tatu. Kitambaa cha hema kilikuwa kimetuna kwa nje, na haukuwa upepo. Kilitunishwa kutoka ndani, na migongo.

Akajikaza akauliza, "Mko wangapi?"

Jibu lilitoka pande zote za hema, sauti tulivu nyingi zikitamka kwa pamoja, na kila irabu ilikuwa mahali pake.

"Kama tulivyoitwa."

Khattri akaanza kulia kwa kwikwi. "Jamani, mimi niliteleza tu. Ulimi hauna mfupa. Nilikusudia watatu, wallahi, watatu!"

"Hatukuitwa kwa kusudio," zikasema zile sauti. "Tumeitwa kwa neno."

Hapo ndipo Bi Salka alipojua kwamba mwanawe kama yumo humo, yumo kama punje katika gunia. Na kama wale wageni wataondoka kwa hiari yao, wataondoka na nani? Hofu ilimshika. Lakini alikuwa bintiye Yahdhi, na mtu akiwa amebakiwa na fimbo moja, huipiga hiyohiyo. Akajitanda mtandio wake vizuri, akasimama.

"Aliyewaita amekosea," alisema kwa sauti yake ya darasani. "Mwenye hema ni mimi. Naliondoa neno lake, naliweka langu. Ya fitya!"

Upepo ulinyamaza nje kama uliozibwa mdomo. Kisha wakaanza kutoka. Walipita mbele yake mmoja mmoja, kitambaa kwa kitambaa, hakuna aliyemkanyaga, na kila aliyepita alisema "kwa heri, Mwalimu," kwa adabu. Ilichukua muda mrefu sana, mrefu kuliko hema lile linavyoweza kueleza. Baadhi yao walikuwa na harufu ya wino wa makaa na gundi, ule ambao watoto huandikia kwenye mbao zao. Hilo lilimtisha kuliko yote.

Hema likalegea, kitambaa kikashuka. Bi Salka alipuliza makaa ya jiko la chai mpaka yakawaka, akatazama.

Kulikuwa na vijana wanne.

"Wanne?" Khattri akanong'ona. "Si umewatoa?"

"Fitya inafika hadi kumi," Bi Salka alisema. "Wanne wamo ndani ya kumi. Neno limewaruhusu."

"Basi taja hesabu! Sema watatu!"

"Nikitaja, mmoja atatoka. Lakini hesabu haijui majina, Khattri. Hesabu itamtoa nani?" Akawageukia wale wanne. "Fungueni vilemba."

Wa kwanza alikuwa Yarba, midomo imepasuka, anatetemeka. Wa pili alikuwa Bulah, analia waziwazi. Wa tatu alikuwa Limam. Wa nne alikuwa Limam.

Wote wawili walikuwa na lile kovu dogo kidevuni alilolipata kwa kuanguka kisimani. Wote wawili walitazamana, na wote wawili wakaruka kwa hofu.

"Mlikuwa pamoja?" Bi Salka akamuuliza Yarba.

"Vumbi lilitutenganisha, Mwalimu. Mimi na Bulah tulishikana mikono. Limam alikuwa mbele, akamfuata ngamia. Tuliporudi sikujua nani yuko nyuma yangu."

Mwingine angewauliza mambo ya nyumbani: jina la mbuzi wa kwanza, wimbo wa kulalia, mahali baba alipozikwa. Bi Salka alilifikiria akaliacha. Wale wa patupu wamekaa nyuma ya hema hilo tangu enzi za baba yake, wamesikia kila kitu kilichosemwa humo, hata minong'ono ya kitandani. Hakuna siri ya nyumba hiyo wasiyoijua. Kitu kimoja tu kilikuwa kinawafunga, na kitu hicho ndicho mwanawe alichokuwa hanacho.

Akamwangalia wa tatu. "Sema: vijana watatu."

Macho ya yule kijana yakajaa machozi, akatabasamu. "Thalathatu fitya," alisema. "Nimeijua, mama. Nimekwenda naisema njia nzima, kwa sauti, nimewachosha hata mawe. Thalathatu fitya, arbaatu fitya, mpaka kumi. Nilijiambia sitarudi mpaka iingie. Imeingia, mama."

Bi Salka alihisi kitu kikimvuta kifuani. Akakikataa. Akamgeukia wa nne.

"Na wewe?"

Wa nne akakuna sikio. Alionekana kuona haya. "Thalathatu fityan," alisema. "Si ndiyo?"

Khattri, katikati ya machozi yake, alicheka. Bi Salka naye akacheka, kicheko na kilio kwa pamoja, akamshika yule wa nne kwa kichwa akamkumbatia. Kosa lile! Alilichukia asubuhi, na sasa alilinusa kama mama anusavyo nguo ya mtoto wake. Wale hawakosei, wakikosea huungua. Anayekosea ni binadamu, na binadamu anayekosea hivi, kwa namna hii, na kukuna sikio hivi, ni mmoja tu chini ya mbingu.

"Mama," alisema yule wa tatu.

"Usiniite mama."

"Mama, umesahau? Uliniambia nisirudi mpaka niijue. Nimeijua."

"Ndiyo maana nimekutambua."

"Basi ninywe kwanza. Kidogo tu. Koo limekauka."

Bakulini kulikuwa na funda moja, Bulah alikuwa amelibakiza. Bi Salka akaweka kiganja chake juu ya bakuli. Hakukiondoa, kwa maana wageni wa namna ile ukiwanywesha tena hali umekwisha kuwatambua umewafanya wa nyumbani. Akasema, kwa irabu zake zote, neno baada ya neno:

"Walio wangu chini ya hema hili ni thalathatu fitya: Yarba, na Bulah, na huyu niliyemshika."

Kijana yule aliinuka. Hakubishana. Alizungusha kilemba chake polepole, na alipofika mlangoni aligeuka kama anayetaka kusema jambo, lakini midomo ilikuwa imeshikana kwa ukavu. Akatoka katika lile giza jekundu. Bi Salka alisikia hatua zake kwa muda, kisha hakuzisikia.

Alasiri vumbi lilitua. Watu walitoka vibandani wakipukuta nguo, wakahesabiana, wote wazima. Ngamia wote wawili walirudi wenyewe. Bi Salka alichinja mbuzi.

Habari ilienda kambi hadi kambi, na kila ilikofika ilinenepa. Khattri ndiye aliyeinenepesha. Alikuwa amenyenyekea kidogo kwa kile kilichompata, lakini hadithi nzuri ni hadithi nzuri, na katika masimulizi yake majini walifika elfu. Bi Salka naye aliisimulia, na kila mara alimalizia kwa kusema, "Kosa la mwanangu limemwokoa. Tangu siku hiyo sigombi tena na wajinga." Watu walicheka, na Limam, aliyekuwa akimimina chai, alicheka nao.

Alikuwa amekuwa kijana mwema, Limam. Aliamka mapema. Aliteka maji bila kutumwa. Wazee hakuwaigiza tena, na Bi Salka alijiambia kwamba hofu humkomaza mtu. Aliacha kumuuliza masomo, kwa toba ya asubuhi ile, na yeye aliketi darasani kimya. Hakupenda tena kukaa mbele na wenzake. Alikaa nyuma, pale kwenye mchanga mtupu.

Siku moja baada ya chakula, jua kali likiwa juu na mbingu safi, walikuwa wakinywa chai watu watatu, Bi Salka, Khattri na Limam. Khattri alikuwa ameshiba, na akishiba lazima amchokoze mtu.

"Limam bwana," alisema, "katika historia ya elimu, wewe ndiye wa kwanza kuokolewa na ujinga. Wenzako wanasoma wasife, wewe ungesoma ungekufa!"

"Ujinga upi, Shehe?" Limam akauliza, akiinua birika juu ili chai itoe povu.

"Ujinga upi! Si thalathatu fityan?"

"Lile halikuwa kosa."

Alisema hivyo kwa upole, bila kujivuna, macho yake kwenye glasi. Khattri akacheka. "Msikie huyu!"

"Si kosa, Shehe. Ni nadra tu. Asili ni kwamba tatu hadi kumi hufuatwa na wingi wa wachache kama neno linao, na hiyo ndiyo njia kuu. Lakini imepokewa kwa Waarabu kwamba huenda ikafuatwa na wingi wa wengi hata kama ule wa wachache upo. Ni wachache walioutumia, ila ni fasaha. Mwenye kusema hivyo hakukosea."

Glasi ya Khattri ikasimama njiani kuelekea mdomoni. Bi Salka hakunyanyuka. Alijua kwamba ni kweli. Aliisoma yeye mwenyewe akiwa msichana, akaihifadhi, na tangu aanze kufundisha hakuwahi kuisema mbele ya mwanafunzi hata mmoja, ili asiwachanganye wanaoanza. Katika hofu ya siku ile haikumjia hata kwa mbali.

"Nani kakufundisha hiyo?" aliuliza. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Marehemu Yahdhi," alisema kijana. "Alitufundisha mwenyewe."

Yahdhi alikufa mwaka mmoja kabla Limam hajazaliwa.

Kijana akaweka glasi mbele ya Bi Salka kwa mikono miwili, kwa adabu, kama afanyavyo mtoto aliyelelewa. "Kunywa, mama, isipoe."

Bi Salka alimtazama lile kovu la kidevuni. Angemwambia nini? Amwambie atoke? Alimtaja yeye mwenyewe, kwa mkono na kwa irabu zote, akamtia ndani ya watatu wake. Maji yakimwagika hayazoleki. Na yule mwingine aliyekuwa amekauka midomo, aliyekwenda njia nzima akisema somo lake ili mama yake amfungulie mlango, alimzibia bakuli kwa kiganja. Kiganja chenyewe kilikuwa hapo mapajani mwake. Akakitazama, akalia kwa sauti kubwa, kilio cha msibani, mpaka wanafunzi wakatoka vibandani.

Kisha akainuka. Alitembea juani bila viatu, mtandio ukiburutika nyuma, akapanda kilima cha mchanga kilichokuwa mashariki ya kambi. Juu huko palikuwa na nyika tu, nyeupe, hakuna mti wala mnyama. Hakutafuta neno la wachache wala la wengi. Kwa mtu mmoja hakuna wingi wa kuchagua.

"Limam!" aliita. "Limam, mwanangu! Njoo!"

Alingoja. Nyika ilinyamaza mbele yake, na mchanga ulikuwa ukiteleza taratibu chini ya nyayo zake. Akajaza kifua, akaita tena kwa nguvu zake zote.

"Limam!"

"Naam, mama," ikajibu sauti nyuma yake, kutoka hemani.